Kufupisha Mswada wa Marekebisho kwa Kiswahili: Neno "Upesi" katika Sheria ya Ardhi ya Kenya na Wasikilizaji wa Idsowe

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo moja la matumizi ya Kiswahili katika uwanja wa sheria: namna ya kuueleza mswada wa marekebisho kwa kikundi cha wanakijiji ili wafahamu ni kitu gani hasa kinachobadilika katika sheria iliyopo. Mfano uliochaguliwa ni marekebisho ya sheria ya ardhi ya Kenya yaliyowasilishwa Bungeni mwaka 2018 na kuwa sheria mwaka 2019. Mahali panapoangaliwa ni Idsowe, kijiji kilicho karibu na mji wa Garsen katika Kaunti ya Tana River.

Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Wapokomo wa bonde la chini la mto Tana hulima kandokando ya mto na huufuata mwendo wa mafuriko yake. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na hushuka na mifugo yao hadi maeneo hayohayo wakati wa ukame. Garsen ni njia panda ya barabara ya Malindi na ile iendayo Lamu kupitia Witu. Tangu Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi iundwe mwaka 1974, na hasa tangu mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na njia zake uzinduliwe mwaka 2012, suala la ardhi kutwaliwa kwa ajili ya kazi za umma limekuwa jambo la kawaida katika mazungumzo ya watu wa sehemu hii. Kwa hiyo kikundi cha wakulima wa Idsowe kikiletewa mswada wa fidia ya ardhi kinataka jibu la maswali mawili: je, tutalipwa lini, na hivi sasa sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria, na vilevile inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, miswada huandikwa kwa Kiingereza. Anayesimama mbele ya kikundi, awe mwalimu, karani au mwanasheria, ndiye anayebeba mzigo wa kutafsiri na kufupisha kwa wakati mmoja. Makala haya yanadai kwamba katika mswada wa marekebisho kazi hizi mbili haziwezi kufanywa kwa kusoma mswada peke yake, na kwamba tafsiri iliyo sahihi neno kwa neno inaweza kuwa muhtasari wa uongo.

2. Mswada na sheria uliyoigusa

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ndiyo iliyoweka utaratibu wa serikali kutwaa ardhi kwa lazima kwa manufaa ya umma. Chini ya sheria hiyo, Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza nia ya kutwaa katika Gazeti Rasmi la Serikali, husikiliza madai ya wenye haki katika ardhi hiyo, hukadiria fidia, kisha huichukua ardhi. Mswada wa mwaka 2018 ulikuja kurekebisha utaratibu huo. Ulipopitishwa mwaka 2019 ulileta mambo kadhaa: njia ya kukadiria thamani ya ardhi kwa kutumia faharasa ya thamani, aina mbalimbali za fidia zaidi ya fedha taslimu, kama vile ardhi mbadala, hati za dhamana za serikali na hisa katika shirika la serikali, na jopo maalumu la kusikiliza kwanza migogoro ya utwaaji kabla ya kufika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mambo hayo yote yaweza kuelezwa bila taabu kubwa, kwa sababu ni mageni na yanaonekana. Kuna jambo jingine ambalo halionekani upesi. Katika sehemu ya tafsiri ya maneno, mwanzoni mwa sheria, paliingizwa fasili ya neno moja la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni "upesi" au "bila kukawia". Makala haya yanalishika neno hilo, kwa kuwa ndilo linalojibu swali la kwanza la mkulima wa Idsowe.

3. Umbo la kifungu cha marekebisho

Mswada wa marekebisho hauna umbo la sheria ya kawaida. Sheria ya kawaida husema, "Tume itafanya hivi." Mswada wa marekebisho husema, "Kifungu fulani kirekebishwe kwa kufuta maneno haya na kuweka badala yake maneno yale." Anayeambiwa katika sentensi hiyo si mwananchi wala Tume. Anayeambiwa, kwa hakika, ni maandishi mengine. Sentensi ya namna hii haina maana kamili hadi ipelekwe kwenye maandishi inayoyagusa, kama vile kiraka kisivyokuwa na kazi hadi kishonwe kwenye nguo.

Kuna matendo matatu ya msingi katika vifungu hivyo: kufuta, kubadilisha na kuingiza. Mchapaji wa miswada ya Kenya humsaidia msomaji kwa kuchapa, mwishoni mwa mswada, vifungu vya sheria iliyopo ambavyo vinarekebishwa. Msaada huo hutosha pale maneno yanapofutwa au kubadilishwa, kwa sababu ya zamani na mapya yaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu. Pale maneno yanapoingizwa, msaada huo hupungua. Na fasili mpya inapoingizwa hauwi msaada hata kidogo, kwa kuwa fasili mpya haikuchukua nafasi ya maneno yoyote. Msomaji akiulizwa, "Ya zamani ilikuwaje?" hujibu, "Haikuwapo." Kutokana na jibu hilo huamua kwamba hakuna kilichobadilika ila ufafanuzi.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Fasili haibadilishi mahali ilipowekwa. Hubadilisha kila mahali ambapo neno lile limetumiwa katika sheria nzima, hata katika vifungu ambavyo mswada haukuvitaja kabisa wala mchapaji hakuvichapa mwishoni.

4. Kulirejesha neno mahali pake

Kazi inayompasa mfupishaji, basi, ina hatua tatu. Kwanza, anaandika fasili mpya kwa ukamilifu. Kwa Kiswahili inaweza kuandikwa hivi: "upesi" maana yake ni katika muda ufaao tangu Tume ilipoishika ardhi, na kwa vyovyote vile si zaidi ya mwaka mmoja baada ya Tume kuishika. Pili, anaipitia sheria ya mwaka 2012 yenyewe na kukitafuta kila kifungu kilicho na neno hilo. Tatu, anakiandika upya kila kifungu hicho, akiiweka fasili mahali pa neno.

Kifungu kilicho muhimu kuliko vyote ni kile cha 111. Kilisema kwamba ardhi ikitwaliwa kwa lazima, fidia ya haki italipwa upesi na kwa ukamilifu kwa watu wote ambao haki zao katika ardhi hiyo zimethibitishwa. Maneno haya yanaifuata Katiba, ambayo katika Ibara ya 40 inataka malipo ya upesi na kamili ya fidia ya haki. Mfupishaji akiisha kuiweka fasili mahali pake, kifungu husomeka hivi: fidia ya haki italipwa kwa ukamilifu katika muda ufaao tangu Tume ilipoishika ardhi, na si zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuishika.

Tofauti sasa imejitokeza. Kifungu cha kwanza, kikisomwa na mkulima, hakisemi lolote juu ya kipi kinatangulia, malipo au kuondoka shambani. Kifungu cha pili kinachukulia kuwa kuondoka kunaweza kutangulia, na malipo yakafuata. Yote haya yamefanyika bila neno hata moja la kifungu cha 111 kufutwa kwa ajili hiyo.

Inafaa kutaja hapa jambo dogo la kisarufi. Katika Kiingereza, fasili imefungwa kwenye kivumishi, ilhali kifungu cha 111 kinatumia kielezi kilichoundwa kutokana na kivumishi hicho. Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja, na msomaji wa Kiingereza anauona uhusiano wao kwa macho. Mtafsiri wa Kiswahili akiandika "malipo ya haraka" katika fasili na "italipwa bila kukawia" katika kifungu, atakuwa ametafsiri vizuri mahali pote pawili, lakini atakuwa amekata uzi unaoviunganisha. Wanaomsikiliza hawataweza kujua kwamba neno la kwanza ndilo linalolitawala la pili. Uzuri wa neno "upesi" ni kuwa lafaa pote pawili bila kubadilika: malipo ya upesi, na kulipa upesi. Katika matini ya sheria kurudia neno lilelile si ufukara wa lugha. Ndiko kunakoshikilia maana.

5. Badiliko lenye sura mbili

Mfupishaji aliyefika hapa aweza kushawishika kuandika kwamba zamani watu walilipwa kwanza na sasa watalipwa baadaye. Sentensi hiyo ni fupi na inasikika vizuri barazani, lakini inaipamba sheria ya zamani kuliko ilivyokuwa. Ni wajibu wake aisome sheria hiyo kwa uangalifu uleule alioutumia kwa mswada.

Kifungu cha 125 cha sheria ya mwaka 2012 kilitaka Tume ilipe fidia kamili na ya haki mapema iwezekanavyo kabla ya kuishika ardhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Lakini kifungu cha 120 kiliweka hali ya kipekee: palipokuwa na haja ya dharura, Tume iliruhusiwa kuichukua ardhi isiyolimwa, ya malisho au ya kulimika baada ya siku 15 tangu kutangazwa kwa nia ya kutwaa, hata kama fidia ilikuwa haijakadiriwa. Kwa watu wa Tana, ambao ardhi yao karibu yote ni ya malisho au ya kulimika, kipekee hicho kilikuwa kipana. Tena kifungu cha 117 kilisema kwamba fidia isipolipwa, riba ihesabiwe tangu siku ya kuishika ardhi hadi siku ya kulipa. Sheria inayoweka riba ya kuchelewa imekwisha kukiri kwamba kuchelewa kutatokea.

Kwa hiyo kauli iliyo sahihi juu ya sheria ya zamani ni hii: kanuni ilikuwa kulipa kabla, kulikuwa na njia ya dharura ya kuchukua kabla ya kulipa, aliyecheleweshewa alistahili riba, lakini haikuwekwa siku ya mwisho ambayo mdai angeweza kuinyoshea kidole na kusema kwamba imepita.

Kauli iliyo sahihi juu ya marekebisho nayo ina sura mbili. Kwa upande mmoja, yanampa mwananchi tarehe. Mwaka mmoja ukipita tangu ardhi kushikwa, hakuna tena mjadala kama malipo ni ya upesi au si ya upesi, muda umekwisha. Kwa upande wa pili, yanampa mlipaji nafasi ya kusubiri. Kabla ya marekebisho, aliyekaa miezi 10 bila kulipwa angeweza kwenda mahakamani na kusema kwamba miezi 10 si upesi kwa maana ya kawaida ya neno. Baada ya marekebisho ataulizwa kwanza kama mwaka umetimia. Ni kweli kwamba fasili inataja pia "muda ufaao", na mdai aweza kuushikilia msemo huo; lakini panapotajwa kipimo kisicho na tarakimu pamoja na kipimo chenye tarakimu, chenye tarakimu ndicho kinachokumbukwa na kutumiwa.

Muda wa mwaka mmoja una uzito wake mahali hapa. Mkulima wa kando ya mto Tana hutegemea maji ya mvua kubwa, yajayo mnamo Aprili na Mei, na yale ya mvua za vuli mnamo Novemba na Desemba. Mwaka mmoja ni misimu miwili ya kupanda. Ikisemwa "si zaidi ya mwaka mmoja" katika ukumbi wa Bunge, husikika kama kikomo. Ikisemwa Idsowe, husikika kama mavuno mawili yaliyopotea. Muhtasari ulioandikwa kwa ajili ya Idsowe hauna budi kuitaja misimu, kwa sababu ndiyo kalenda ya wanaousikiliza.

6. Kushika na kumiliki

Kikomo cha mwaka mmoja kinaanza kuhesabiwa lini? Hapa mtafsiri anakutana na upungufu wa neno. Kiingereza cha sheria kinatenganisha kuwa na kitu mkononi na kuwa na haki ya kitu. Kiswahili cha kawaida hutumia "kumiliki" kwa yote mawili, na magazeti huandika "kuchukua umiliki" bila kubagua. Fasili ya mwaka 2019 inataja kuwa na kitu mkononi: saa inaanza kwenda siku Tume inapoishika ardhi, yaani siku iliyotajwa katika ilani kwamba ardhi imetoka mikononi mwa mwenyewe.

Muhtasari ukisema "mwaka mmoja tangu serikali imiliki ardhi", msikilizaji mmoja atafikiri ni tangu siku ya tangazo katika Gazeti Rasmi, wa pili atafikiri ni tangu siku ya kukadiriwa fidia, na wa tatu atafikiri ni tangu hati kuandikwa jina jipya. Siku hizo zaweza kupishana kwa miezi mingi. Inapendekezwa hapa kwamba "kushika ardhi" litumiwe kwa maana ya kuwa nayo mkononi, na "kumiliki" liachiwe maana ya kuwa na haki. Neno "kushika" halina fahari ya istilahi, lakini halimpotezi mtu. Aidha, muhtasari uwaambie wanakikundi waihifadhi ilani yenyewe na kuiandika tarehe yake, kwa kuwa bila tarehe hiyo kikomo cha mwaka mmoja hakina pa kuanzia.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama muhtasari umefaulu. Baada ya kusomwa, waulizwe wasikilizaji swali la tarehe. Ikiwa nia ya kutwaa ilitangazwa tarehe 5 Juni 2020, fidia ikakadiriwa tarehe 10 Novemba 2020, na ardhi ikashikwa tarehe 1 Machi 2021, siku ya mwisho ya kulipa ni ipi? Wakijibu tarehe 1 Machi 2022, wameelewa. Wakijibu Juni au Novemba 2021, kosa ni la neno lililotumiwa, wala si la msikilizaji. Wakijibu kwamba italipwa haraka, basi hawakupewa muhtasari bali walipewa kichwa cha habari.

7. Neno lilelile katika sheria nyingine

Idsowe ina tatizo la zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ilikuwa ardhi ya amana, ikishikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wenyeji chini ya Sura ya 288 ya sheria za zamani. Katiba ya 2010 iliiita ardhi hiyo ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaifuta ile Sura ya 288. Jamii ambayo haijasajili ardhi yake bado inashikiwa na serikali ya kaunti. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo ya 2016 kinasema kwamba ardhi ya namna hiyo ikitwaliwa, fidia hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana, huwekwa katika akaunti maalumu yenye kuzaa faida, na jamii ikiisha kusajili ardhi yake, serikali ya kaunti itaiachilia fedha hiyo upesi.

Neno "upesi" limerudi tena. Je, maana yake hapa ni mwaka mmoja? Fasili ya mwaka 2019 iliingizwa katika Sheria ya Ardhi, na fasili za sheria hutangulizwa kwa maneno "katika Sheria hii". Mipaka ya fasili ni mipaka ya sheria iliyo nayo. Tena fasili yenyewe inahesabu muda tangu Tume kuishika ardhi, ilhali kifungu cha 6 kinahesabu tangu kusajiliwa, tendo ambalo laweza kuja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo "upesi" wa Sheria ya Ardhi ya Jamii unabaki na maana yake ya kawaida, na mfupishaji asiuhamishie mwaka mmoja usio wake.

Kwa mkulima wa Idsowe matokeo ni haya: muda wa mwaka mmoja unahusu safari ya fedha kutoka kwa Tume. Kama ardhi ya kikundi haijasajiliwa, fedha hiyo hufika kwenye akaunti ya kaunti, wala haifiki mkononi mwa mkulima. Muhtasari ukiliacha jambo hili, hata ukiwa umeeleza mswada mzima kwa usahihi, utakuwa umewapa watu tarehe ya kungojea fedha ambayo siku hiyo haitakuja kwao. Hili ni jambo ambalo mswada haukuligusa kabisa. Lakini bila hilo, kilichoguswa na mswada hakieleweki.

8. Hali za kitenzi

Kabla ya kutoa matini ya mfano yapasa kusema neno juu ya kitenzi. Kiambishi "-ta-" cha Kiswahili hubeba wakati ujao, na katika lugha ya sheria kimezoeleka kubeba wajibu pia. "Tume italipa" katika kitabu cha sheria ni amri. Barazani ni ahadi. Msikilizaji akiisikia kama ahadi hajui kwamba ana haki ya kudai. Ni afadhali kuandika "Tume lazima ilipe" panapokuwa na wajibu, na "Tume yaruhusiwa" panapokuwa na hiari. Vilevile kauli ya kutendwa, "fidia italipwa", humficha mtendaji. Muhtasari umtaje anayelipa kila mara. Na pale panapoorodheshwa aina za fidia, ardhi mbadala au fedha au hisa, mfupishaji atafute ni nani mwenye kuchagua. Kama kifungu hakimtaji, aandike waziwazi kwamba hakimtaji.

Mwisho, mswada ungali mswada haujawa sheria. Njia iliyo salama ni kuanza kila sentensi kwa mwenye kusema: "sheria iliyopo inasema", "mswada unataka iseme". Jedwali la safu mbili, linalopendwa na waandishi, humfaa anayesoma. Likisomwa kwa sauti, safu huchanganyika. Kwa wasikilizaji ni bora mfuatano mmoja usiobadilika: ilivyo, inavyotakiwa iwe, na tofauti yake.

9. Matini ya mfano

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, muhtasari wa fasili hiyo, kama ungesomwa kwa kikundi cha Idsowe wakati mswada ukiwa Bungeni, ungeweza kuwa hivi:

"Sheria iliyopo inasema kwamba serikali ikitwaa ardhi, Tume ya Ardhi lazima ilipe fidia yote upesi. Haisemi upesi ni siku ngapi. Inaitaka Tume ilipe kabla ya kuishika ardhi, ikiwezekana. Kukiwa na dharura, Tume yaruhusiwa kuishika ardhi isiyolimwa, ya malisho au ya kulimika kabla ya kulipa. Ikichelewa kulipa, lazima iongeze riba.

"Mswada unataka neno 'upesi' liwe na maana moja: muda ufaao baada ya Tume kuishika ardhi, usiozidi mwaka mmoja.

"Tofauti ni mbili. Ya kwanza, kutakuwa na siku ya mwisho ya kulipa, na siku hiyo ikipita mtu anaweza kudai kwa tarehe. Ya pili, Tume itaweza kusema kwamba haijachelewa hadi mwaka uishe, yaani misimu miwili ya kupanda. Mwaka unahesabiwa tangu siku ya kushikwa kwa ardhi iliyoandikwa katika ilani, si tangu siku ya tangazo la kwanza.

"Mswada haubadilishi jambo hili: ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, fidia yake inashikwa na serikali ya kaunti hadi jamii isajili ardhi yake."

Matini hii ina maneno machache, lakini kila sentensi yake imetoka katika kifungu kinachoweza kuonyeshwa. Ikilinganishwa na tafsiri ya moja kwa moja, "mswada unafafanua maana ya malipo ya upesi", itaonekana kwamba ile tafsiri haina kosa hata moja la lugha, na bado haimwambii mkulima lolote.

10. Hitimisho

Muhtasari una mipaka yake. Hauwezi kusema kama fasili ya Bunge inapatana na Katiba. Ibara ya 40 inataka fidia ilipwe upesi, na Ibara ya 2 inasema kwamba sheria inayopingana na Katiba ni batili. Kama mwaka mmoja ni upesi kwa maana ya Katiba, hilo ni swali la mahakama. Mfupishaji anachoweza kufanya ni kulieleza swali hilo kwamba lipo, ili kikundi kinachotaka kutoa maoni kwa Bunge kijue mahali pa kulenga. Kikundi kilichoambiwa kwamba mswada unaleta malipo ya upesi hakina la kusema ila kushukuru. Kilichoonyeshwa kwamba kinachobishaniwa ni muda wa baada ya kuondoka shambani kinaweza kuuliza kwa nini uwe mwaka badala ya miezi mitatu, na kwa nini usihesabiwe tangu siku ya kukadiria fidia. Maswali hayo mawili hayakuandikwa mahali popote katika mswada. Hupatikana tu kwa kulitoa neno katika sehemu ya fasili na kulirudisha katika kila kifungu linachokitawala.